Ukilipwa kwa hundi, usitoe mzigo kabla ya kusoma haya

Tuchukue mauzo ya kawaida. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru anamuuzia mkandarasi mifuko 246 ya saruji kwa shilingi 750 kila mfuko, jumla shilingi 184,500. Mkandarasi hana pesa taslimu, anatoa kitabu cha hundi. Kwa kiasi hiki hakuna kikwazo: tangu Oktoba 2009 hundi inayopitia mfumo wa ubadilishanaji wa hundi kati ya benki za Kenya inapaswa kuwa chini ya shilingi milioni 1. Ikifika hapo au kuzidi, mwambie atume kwa RTGS, yaani uhamisho wa pesa moja kwa moja kutoka benki yake hadi yako.

Anapoandika, simama umtazame. Tarehe iwe ya leo, pamoja na mwaka. Jina la mlipwaji liwe lile lile lililo kwenye akaunti yako. Kama akaunti ni ya kampuni, jina lako mwenyewe halitafaa, hata kama dukani kila mtu anakuita hivyo. Kiasi huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na viwili hivyo vikipishana benki huirudisha hundi. Ni kweli sheria inasema maneno ndiyo yanayotawala, lakini karani wa benki halazimiki kukuamulia, na kwa kawaida haamui. Maneno yaanzie kabisa kushoto na nafasi inayobaki kulia ipigwe mstari, vivyo hivyo kwenye tarakimu, ili asipatikane wa kuchomeka neno au sifuri mbele yake.

Akikosea, asifute wala kuandika juu. Mazoea ya zamani ya kukata na kutia sahihi pembeni yaachwe. Tangu 2011 kinachosafiri kwenda benki ya mwandikaji ni picha ya hundi, si karatasi yenyewe, na hundi yenye marekebisho ni rahisi mno kukataliwa. Aharibu hiyo, aandike nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo ya picha, atumie wino mweusi au wa buluu ulioiva, na asiandike wala kupiga muhuri juu ya ule ukanda wa namba zilizochapishwa chini kabisa. Hizo ndizo mashine husoma kujua hundi ni ya benki gani, tawi gani na akaunti ipi.

Sasa mistari. Mistari miwili sambamba iliyochorwa kimshazari kwenye uso wa hundi, mara nyingi pembeni juu kushoto, ina maana moja: hundi hii hailipwi taslimu kaunta, lazima ipitie akaunti ya benki. Akiiba mtu, hawezi kuichukua na kutoka na noti mkononi. Ukiandika kati ya mistari hiyo `A/C PAYEE ONLY`, unaiagiza benki inayopokea iiweke kwenye akaunti ya aliyetajwa tu. Maneno `NOT NEGOTIABLE` ni jambo lingine, na wengi huyachanganya. Hundi yenye maneno hayo bado inaweza kupewa mtu mwingine, ila anayeipokea hapati haki kubwa kuliko ya aliyempa; kama aliyempa aliiiba, naye hana kitu. Na kama mkandarasi amekupa hundi isiyo na mistari, huhitaji kumrudia. Sheria inamruhusu mwenye hundi kuichora mwenyewe. Ichore pale pale dukani, kabla haijaingia mfukoni.

Kabla ya kwenda benki ipige picha pande zote mbili. Jaza karatasi ya kuwekea hundi, andika namba ya akaunti yako nyuma ya hundi kama benki yako inavyotaka, kisha udai nakala yenye muhuri na tarehe.

Hapa ndipo wauzaji wanapoumia. Unaangalia salio kwenye simu, unaona 184,500 zimeingia, unapakia saruji kwenye lori. Lakini salio la kitabu si salio unaloweza kutoa. Benki imeandika kwamba umeleta hundi. Pesa bado ziko kwa mwandikaji, kama zipo. Kwa kawaida majibu huja siku ya kazi inayofuata, mradi uliwahi saa ya mwisho ya tawi lako. Hundi iliyowekwa Alhamisi asubuhi hujulikana Ijumaa. Ukichelewa saa hiyo ya Alhamisi, huhesabiwa ya Ijumaa, na jibu ni Jumatatu. Uliza tawi lako saa hiyo ni ipi, kisha mwambie mteja mapema kwamba mzigo utatoka salio la kutoa likibadilika. Mteja mwenye pesa hatanuna kwa kusubiri siku moja.

Hundi ikidunda, soma kwanza sababu iliyoandikwa, maana si zote zina uzito mmoja. Sahihi isiyolingana, maneno na tarakimu kupishana, au tarehe iliyopita miezi sita ni kasoro za karatasi. Mpigie mwandikaji akuandikie nyingine. Lakini ukiona `R/D`, yaani benki inakuelekeza urudi kwa mwandikaji, ama ukiona kwamba akaunti imefungwa au malipo yamesimamishwa, tatizo ni pesa au ni nia. Tarajia pia makato: benki humtoza mwandikaji, na baadhi humtoza hata aliyeiweka.

Kwenye `R/D` unaweza kuiwasilisha tena, lakini kwanza mwandikaji akwambie pesa zimeingia lini. Kuirudisha kesho yake bila uhakika ni kujiongezea makato. Wakati huo huo mwandikie barua ya kudai, siku ile ile au inayofuata, ukitaja namba ya hundi, tarehe, kiasi, sababu ya kurudi na siku unazompa alipe. Kama hundi ilifika kwako kupitia mtu mwingine aliyetia sahihi nyuma, mjulishe naye bila kuchelewa, kwa sababu usipomjulisha kwa wakati anaweza kuponyoka dhima.

Asipolipa, zipo njia mbili. Ya madai ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kwa hiyo hundi ya 184,500 inaingia vizuri, na huhitaji wakili. Hundi, taarifa ya kurudi, ankara na barua yako ndio ushahidi.

Njia ya jinai iko chini ya kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu: kutoa hundi ukijua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Hapo pana mtego. Kosa la pesa kutotosha haligusi hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Mkandarasi akikwambia leo tarehe 3, "naandika ya tarehe 30," na ukakubali, umempa mkopo, na polisi hawatakusaidia kwa sababu ya salio tu. Deni bado unaweza kulidai mahakamani. Ukikubali hundi ya namna hiyo, ijue kuwa ni mkopo, na upange bei na dhamana kwa hesabu hiyo.

Na hundi iliyodunda usimrudishie mwandikaji kwa ahadi ya kwamba atatuma pesa jioni. Abaki nayo mwenye duka mpaka zote 184,500, pamoja na makato aliyotozwa, zionekane kwenye salio la kutoa.