Tangazo la redio kuhusu maafisa feki wa SHA: liandike msikilizaji ajue la kufanya pale mlangoni

Kila habari za matapeli wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, zikifika stesheni, karatasi inayoletwa studio huwa ni ileile: "Wananchi wanaombwa kuwa macho dhidi ya watu wanaojifanya maafisa wa afya na kutoza pesa za SHA majumbani, ukiwaona ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe." Ukiisoma hewani inasikika sawa tu, tena ina uzito wa kiserikali, lakini hebu fikiria nyanya yuko peke yake nyumbani saa nne asubuhi, watoto shule, wengine shamba, na kijana amesimama kwa mlango na beji shingoni na tableti mkononi. Hilo tangazo limemsaidia nini? Limemwambia kuna watu feki, halijamwambia huyu ni feki ama si feki.

Mimi niko redio ya jamii huku Pwani ya Kenya na matangazo ya namna hii ndio kazi yangu ya kila wiki, kwa hivyo nawaandikia maprizenta wenzangu na yeyote aliyepewa kazi ya kuandika skripti, wa ofisi ya chifu, wa zahanati, wa kikundi cha kina mama. Shida ya hii kitu si kwamba watu hawajasikia kuna matapeli. Wamesikia sana. Shida ni kwamba uongo wa hawa jamaa umekaa juu ya mambo ya kweli, sasa ukiandika ovyo unaweza kuua ukweli pamoja na uongo.

Ukweli wa kwanza, maafisa wa kweli huja nyumbani. Tangu 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita CHP, kila mmoja anahudumia kama nyumba mia moja, na wanapita na simu na mkoba wa vifaa, wanapima presha, wanaangalia watoto, na wanasaidia watu kujiandikisha SHA. Sasa wewe ukitangaza "usimfungulie mtu wa bima mlango", kesho huyo mama wa watu anayezunguka juani anafukuzwa na mbwa. Nimewasikia wakilalamika, na wana haki.

Ukweli wa pili, pesa ya kulipa ipo. Wengine hupenda kutangaza "SHA ni bure, usilipe chochote", na hiyo ni makosa. Kujiandikisha ndio bure. Ukishajiandikisha, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipi, lakini kulazwa na upasuaji kwa hospitali kubwa lazima uwe umelipa mchango, na kwa sisi tusio na payslipu mchango unapimwa kwa kipato cha nyumba, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi na unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Msikilizaji akiambiwa ni bure halafu mamake afike hospitali aambiwe hajalipa, hakuamini tena, hata siku ile unamwambia kuna moto.

Kuna mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi akanieleza kisa chake na hicho ndicho huwa natumia kuwafundisha vijana wangu wa studio. Walikuja vijana wawili, wamevaa vizuri, wana adabu, shikamoo mama. Wakaanza maswali: nyumba ni ya makuti ama mabati, maji mnateka wapi, choo kikoje, mna mbuzi wangapi. Yeye hayo maswali alishayasikia kwa jirani aliyejiandikishia zahanati kwa hivyo akajua hawa ni wenyewe. Wakamwambia mchango wako ni 300 kwa mwezi, kweli. Wakamwambia mfumo unataka mwaka mzima, kweli tena. Halafu ndio wakaleta yao: mama tumekuonea huruma, tutakuwekea miezi mitatu tu kwanza, 900, na mia moja ya kadi, tuma kwa hii namba. Akatuma 1,000. Alipoenda kulaza mtoto akaambiwa hakuna senti iliyoingia.

Ukikiangalia hicho kisa utaona karibu kila kitu walichosema kilikuwa sahihi. Maswali ni yale ya tathmini ya kipato, bei ni yenyewe. Hata hiyo ya kulipa kidogo kidogo si ya kubuni moja kwa moja, maana kuna mpango wa mkopo wa kulipia SHA polepole, ila unaombwa kwa simu yako mwenyewe, si kwa kijana mlangoni. Kilichokuwa uongo ni sehemu mbili pekee: ada ya kadi, na njia ambayo pesa ilipita. Huduma ya SHA inafuata kitambulisho chako cha taifa, hakuna kadi ya kununuliwa mlangoni. Na pesa ilienda kwa namba ya mtu, M-Pesa ikamuonyesha kabisa jina la mtu kabla hajabonyeza, lakini nani alimwambia aliangalie hilo jina?

Kwa hivyo tangazo langu nalijenga juu ya kitu kimoja tu, njia ya pesa. Siongelei beji, maana beji inachapishwa mjini kwa pesa kidogo sana. Siongelei maswali. Msikilizaji anahitaji kitu anachoweza kukifanya akiwa amesimama hapo na mgeni anamtazama, tena kitu kisichomfanya aonekane mkorofi, maana watu wetu wanaona haya kumkatalia mgeni mwenye adabu. Mpe neno la kusema.

Skripti ya dakika moja, kwa kasi yangu ya kusoma, ni kama maneno 110 mpaka 120, zaidi ya hapo unaanza kukimbia na wazee wanakupoteza. Hii hapa, chukua ubadilishe:

"Msikilizaji, tangazo muhimu. Kuna watu wanapita majumbani wakijiita maafisa wa SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF, na wanachukua pesa. Mhudumu wa afya wa kijiji chako unayemjua akija, mkaribishe. Anaweza kukusaidia kujiandikisha, na kujiandikisha ni bure. Lakini hakuna afisa anayepokea pesa ya SHA mlangoni. Si taslimu, si kwa namba yake ya simu, si ya fomu, si ya kadi. Mchango unaulipa mwenyewe, kwa simu yako, kwa kubonyeza nyota, moja nne saba, reli. Narudia: nyota, moja nne saba, reli. Akikuharakisha, mwambie hivi: 'Asante, nitalipa mwenyewe kwa simu yangu.' Namba ya siri ya M-Pesa usimpe mtu yeyote. Kama ushatuma pesa kwa mtu, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda namba nne tano sita sasa hivi, halafu umuarifu chifu au polisi."

Angalia NHIF imetajwa mara moja hapo juu. SHA ilianza Oktoba 2024 lakini wazee wengi bado kwao bima ni NHIF, ukisema SHA peke yake wengine wanadhani unaongea mambo ya watu wengine. Angalia pia mhudumu wa kijiji ametajwa kwanza, tena kwa wema, kabla ya lile neno "lakini". Huyo huchaguliwa hapohapo kijijini, unamjua mpaka kwao, kwa hivyo "unayemjua" inafanya kazi kubwa kuliko beji yoyote. Na hata yeye hapokei pesa, hiyo sheria haina ndugu.

Kuhusu namba, *147# isome pole pole na uirudie, na usiichanganye na 147 ya kupiga simu ya huduma ambayo ni bure. Zote mbili ni za kweli ila ukizitia kwa tangazo moja watu wanabonyeza moja wakitaka nyingine. Mimi hiyo ya kupiga naiweka kwa kipindi cha mazungumzo ambapo kuna nafasi ya kueleza. Na ile 456 ya kurudisha pesa ni ya Safaricom, usiahidi kwamba pesa itarudi, inategemea kama tapeli hajaitoa, ndio maana nimeandika "sasa hivi".

Kuna mtu ataniuliza mbona sikusema "usimpe mtu namba yoyote ya uthibitisho iliyokuja kwa simu". Kwa sababu kwenye kujiandikisha kwa kweli, mhudumu akikusaidia, kuna wakati namba ya uthibitisho inaingia kwa simu yako na anaihitaji amalize. Ukiipiga marufuku hewani umefunga usajili wa kijiji kizima. Namba ya siri ya M-Pesa ndio isiyo na mjadala.

Kitu ambacho sikubali kabisa kwa skripti ni maelezo ya watu. Utaletewa karatasi imeandikwa vijana wawili, mmoja mrefu, shati la bluu, pikipiki nyekundu. Toa hiyo. Huku kwetu neno "mwizi" likipigwa na redio halafu kijana fulani wa pikipiki nyekundu anayeuza mitungi ya gesi apite hapo, nyinyi mnajua vile umati hufanya. Jina la mshukiwa pia hapana, hata kama chifu ndiye ameliandika, hiyo mpelekee polisi. Na kabla ya kusoma chochote piga simu kwa afisa wa afya ya jamii wa zahanati husika umuulize kama kuna zoezi halali la usajili wiki hiyo, maana kuna siku niliulizia nikaambiwa wale "matapeli" walioripotiwa ni timu ya kaunti.

Saa ya kulisoma nayo ni muhimu kuliko sauti yako nzuri. Huku kwetu kila mtu hunyamaza kusikiliza matangazo ya vifo, kwa hivyo omba likae kabla tu ya hayo, na lingine kama saa tatu asubuhi kabla wenye kuzunguka hawajaanza, saa ambayo nyumbani kumebaki wazee. Baada ya Kiswahili lirudie kwa Kigiriama au Kidigo, na usitafsiri neno kwa neno, mpe mzee wa lugha alisikie kisha aliseme yeye.

Watakaopiga simu baada ya tangazo wakisema wameliwa, usiwaweke hewani mara moja. Andika siku, kiasi, namba iliyotumiwa na ile namba ya muamala iliyo mwanzo wa ujumbe wa M-Pesa, waambie wasiufute huo ujumbe, kisha uwaelekeze polisi. Ile namba ya tapeli waitume pia kwenda 333.