Bei tatu kwa mzigo mmoja: maswali ya wauzaji wa jumla

Nauza sabuni ya mche Kamukunji. Nikituma bei, mmoja analipa leo, mwingine anataka kulipa baada ya mwezi kwa bei ile ile. Niandikeje?

Usitume bei moja. Anza na bei ya mzigo ukifika, ndiyo msingi. Tuseme ni shilingi 2,000 kwa katoni. Anayekulipa kabla anakupa pesa ya kununulia mzigo huo kiwandani, kwa hiyo mpunguzie kidogo, mathalani 30. Kwa mkopo, jiulize pesa yako ikikwama inakugharimu nini. Kama wewe mwenyewe unakopa kwa asilimia 3 kwa mwezi, na mteja wa siku 30 kwa kawaida hulipa siku ya 45, basi gharama ni asilimia 4.5, yaani shilingi 90. Hesabia siku anazolipa kweli, si zile alizoahidi. Kwa katoni 50 tofauti hiyo ni 4,500, na wengi wanaitoa mfukoni bila kujua.

Ujumbe uwe hivi:

> Bei za jumla, 2 hadi 8 Juni. Sabuni ya mche, kuanzia katoni 20, VAT imo ndani.
> Ukilipa kabla: 1,970. Mzigo unatoka siku ya kazi inayofuata baada ya pesa kuingia.
> Ukilipa mzigo ukifika: 2,000. Pesa iingie kabla ya kushusha.
> Mkopo wa siku 30, kwa tuliokubaliana kwa maandishi: 2,090.

Hizo tarehe za juu usiziache. Bei ya kiwandani ikipanda Jumatano ya wiki inayofuata, mteja atakuonyesha ujumbe wako wa zamani na kukudai bei hiyo. Na mstari wa mkopo usiutume kwa kila mtu. Ukiuweka kwenye kundi la WhatsApp, hata asiyekujua ataona ana haki nao. Mtumie tu yule mliyekubaliana.

Dereva wangu alionyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mteja, akashusha mzigo, pesa haikuonekana. Na tulikuwa tumeandika "malipo mzigo ukifika".

Pole sana. Yalinipata nami mwaka wangu wa kwanza, na mzigo ule sikuurudisha. Kosa liko katika neno "ukifika". Lori likishafika, turubai likafunguliwa na vijana wa mteja wakaanza kubeba, huna tena cha kushikilia. Andika "kabla ya kushusha", kisha mwambie dereva asiamini simu ya mnunuzi hata kidogo. Ngoja ujumbe uingie kwenye simu yako ya duka, wewe umpigie dereva, ndipo afungue mlango wa nyuma.

Tumia nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara, si namba ya simu ya mtu. Aliyetuma kwa namba ya simu anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 akiomba urudishwe, na mzigo umeshaingia stoo. Kumbuka pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Kama mzigo ni wa 300,000, sema mapema kwenye ujumbe kwamba utalipwa mara mbili au kwa benki, la sivyo mtakwama barabarani mkibishana huku lori linaziba njia.

Siku 30 zinaanza lini? Mteja wangu anasema ni mwisho wa mwezi.

Zinaanza siku aliyotia sahihi kupokea mzigo. Ila usimwachie ahesabu: kwenye ankara andika tarehe yenyewe ya kulipa. Mzigo uliopokelewa 25 Mei unalipwa 24 Juni, basi.

Ukiwa umesajiliwa kwa VAT, hili lina uzito wake. Kodi ya mauzo hayo ya Mei hupelekwa KRA kufikia 20 Juni, mteja awe amelipa au la. Kwenye mzigo wa 116,000 kuna 16,000 ya kodi. Utakata ile uliyolipa uliponunua, lakini iliyobaki unaitoa siku nne kabla ya pesa ya mteja. Akivuta mpaka mwisho wa mwezi wa sita, umemkopesha bidhaa na kodi pia. Nami naona hiyo ni sababu tosha ya kukataa "mwisho wa mwezi".

Mama mmoja wa Gikomba ni mteja wangu wa miaka. Analipa nusu nusu na sasa anataka mzigo mpya.

Mpe kikomo kwa shilingi, si kwa katoni, kwa sababu bei hubadilika. Tuseme ni 60,000 na bado anadaiwa 38,000: mkopo wake mpya hauzidi 22,000, kinachozidi alipe kabla kwa 1,970. Mwambie hivi: "Mama, nafasi iliyobaki ni 22,000, ukilipa hizo 38 nafungua yote." Namfahamu mtu aliyeongeza bei kuwa adhabu ya kuchelewa. Mteja aliikubali bei hiyo, akazidi kuchelewa.