Asali nayo ni sukari

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 46, sukari yangu asubuhi kabla ya kula inasoma 9 hadi 11. Natumia metfomini na glibenklamidi asubuhi na jioni. Mwalimu wa jimu kanipangia hivi: asubuhi juisi nzito ya ndizi mbivu mbili, tende tano na asali vijiko viwili vya chakula, mchana kuku na mboga, saa kumi na mbili jioni mazoezi, usiku nisile kitu. Sukari ya chai na ugali nimeacha. Naomba uupitie mpango huu.

JIBU: Kuku na mboga sina ugomvi navyo, ndugu yangu. Ugomvi wangu ni na hiyo blenda. "Lakini ni sukari ya asili," naambiwa kliniki karibu kila wiki, na sijui nani aliwadanganya watu kwamba damu inabagua. Tupige hesabu. Asali vijiko viwili ina wanga gramu 34 hivi, karibu yote sukari. Ndizi mbili za wastani kama 50, tende tano ndogo kama 30. Jumla inapita gramu 110, na kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 tu. Umeacha vijiko viwili kwenye chai, ukanywa wanga wa vijiko zaidi ya 27 kwenye glasi.

Usinisadiki mimi, iulize mashine yako. Pima kabla ya kunywa, kisha saa mbili baada ya funda la kwanza. Ikipita 10, umepata jibu. Kesho yake kula mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, upime vilevile.

Usiku ndipo penye hatari zaidi. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Ukiimeza, ukanyanyua vyuma, ukalala na njaa, sukari inaweza kushuka usiku ukiwa usingizini. Kula chakula cha jioni, na mwone daktari wiki hii kuhusu dozi hiyo. Pima kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya 5, kula kitu kwanza. Ukitetemeka na kutoka jasho la baridi, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Hapo hata asali yako inafaa. Ndiyo kazi yake.

Kuna mzee alinitolea mfukoni kichupa cha asali ya nyuki wadogo. Aliyemuuzia alimhakikishia haipandishi sukari, tena aache vidonge. Mashine ilisoma 17. Mtu akikuuzia asali, unga au mizizi kwa maneno hayo, mwambie akupime saa mbili baada ya kuitumia. Wengi wao hata mashine hawana.