Juisi ya pruni kwa mtoto wa miezi 7

"Tangu mtoto wangu wa miezi 7 aanze uji, choo chake ni kama vijiwe na analia. Hapa Goma nimeona juisi ya pruni dukani. Nimpe? Kiasi gani?"

Ndiyo mama, kwa umri huo mpe mililita 60 mara 1 kwa siku, kwa kikombe, baada ya kunyonya. Juisi ya peasi nayo inafaa. Zote zina sorbitoli, sukari ambayo utumbo hauifyonzi vizuri, kwa hiyo inavuta maji na choo kinalainika. Siku 2 zikipita bila nafuu, panda hadi 120, usizidishe. Choo kikilainika, acha. Akiharisha, acha mara moja.

Soma boksi vizuri: liandikwe 100%. Ile ya nekta huwa imetiwa maji na sukari, iache.

Mwenye chini ya miezi 6 usimpe bila neno la muuguzi au daktari. Anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini hana shida.

Tumbo likivimba, akitapika kijani au ukiona damu, nenda kituo cha afya leo leo.