Barua pepe zinaingia lakini hazitoki

Swali: Kwenye kompyuta yangu mpakato barua pepe zinaingia vizuri, ila kila ninachotuma kinabaki Outbox. Nikiwa ofisini zinaondoka, nikifika nyumbani zinagoma. Nenosiri sijabadilisha. Shida ni nini?

Jibu: Kwa kuwa ofisini zinaondoka, nenosiri tuliache kwanza. Kupokea na kutuma hakupiti njia moja. Barua zinazoingia unaletewa na seva ya IMAP au POP. Zinazotoka zinachukuliwa na seva ya SMTP, yenye lango lake lenye namba. Lango hilo likizibwa, utaendelea kupokea kama kawaida.

Ninachoshuku zaidi ni lango 25. Kazi yake ni seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, lakini akaunti nyingi za zamani bado zimepangwa kulitumia. Watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani wamelifunga, maana kompyuta zenye virusi zilikuwa zikimwaga barua taka kupitia hapo.

Usibahatishe, pima. Ukiwa nyumbani na unatumia Windows, fungua PowerShell uandike haya, ukiweka jina la seva yako ya kutuma:

```
Test-NetConnection smtp.example.com -Port 25
Test-NetConnection smtp.example.com -Port 587
```

Soma mstari wa `TcpTestSucceeded`. Ukikuta 25 ni `False` na 587 ni `True`, jibu umelipata. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva ya kutuma, uweke 587, usalama uwe STARTTLS, kisha uwashe uthibitishaji kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Hilo la mwisho ndilo husahaulika sana. Lango 587 kwa kawaida hudai mtumaji ajitambulishe, na asipofanya hivyo seva humkatalia hata kama njia ni nyeupe.

Mtoa huduma wako akikuelekeza 465, hapo chagua SSL/TLS. Ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, programu na seva zitasubiriana, kila moja ikingoja mwenzake aanze, mpaka muda uishe.

Yote mawili yakiwa `False`, zima VPN kwanza, upime tena; kisha angalia kinga ya mtandao kwenye kompyuta. Kama 587 iko wazi na mipangilio ni sahihi lakini barua moja tu haitoki, tazama kiambatisho chake. Faili la MB 20 huvimba kwa takriban theluthi moja linaposafirishwa, likafika kama MB 27, na huduma nyingi hukomea MB 25.

Ukishabadilisha lango, zikague zile zilizokwama. Katika Outlook ya kawaida ya Windows, barua uliyoifungua ikiwa ndani ya Outbox kisha ukaifunga huhesabiwa kuwa haijatumwa, na jina lake huacha kuonekana kwa herufi za mlalo. Hiyo haitaondoka yenyewe: ifungue, ubonyeze Send upya.