Barua pepe ya shukrani kwa jopo la usaili

Ninyi mnaoanza kutafuta kazi, mkitoka kwenye chumba cha usaili msikimbilie daladala kwanza. Ketini mahali penye kivuli mwandike, kabla maneno hayajafifia, swali moja lililozua mazungumzo ya kweli, nani aliliuliza, na alisema nini baada ya kusikia jibu lenu.

Niliposailiwa kazi ya kutunza stoo ya dawa katika shirika moja, mfamasia aliyekuwa kwenye jopo aliniuliza kwa nini hesabu ya leja hutofautiana na dawa zilizoko rafuni. Nilitaja wizi na makosa ya kuhesabu. Yeye akasema kwamba kwao tatizo kubwa lilikuwa dawa za dharura zinazotolewa usiku na kuandikwa asubuhi, ikiwa mtu atakumbuka. Jioni ileile niliijibu barua pepe iliyoniita kwenye usaili, bila kubadilisha kichwa chake, ili afisa rasilimali watu aione pamoja na mawasiliano yetu ya awali:

"Nawashukuru kwa muda mlionipa leo katika usaili wa nafasi ya mtunza stoo. Nimeendelea kulifikiria suala la dawa zinazotolewa usiku, alilolieleza mfamasia. Katika kituo nilikojitolea tulifunga daftari kwenye mlango wa stoo, na aliyechukua dawa aliandika idadi na kutia saini kabla ya kutoka. Asubuhi tulihamishia kwenye leja. Naomba ujumbe huu uwafikie wanajopo wote."

Sentensi ya daftari ndiyo iliyobeba barua nzima, kwa sababu isingeweza kutumwa kwa jopo jingine lolote. Ukiona barua yako inafaa kupelekwa kwingine kwa kubadilisha jina la shirika tu, irudie. Jihadhari pia usigeuze shukrani kuwa rufaa: nilishawishika kueleza upya swali la bajeti nililolijibu vibaya, aya tatu nzima, nikazifuta, maana zingewakumbusha kosa ambalo huenda walikwisha kulisahau. Mshahara usiuulize humo, wala usiambatishe vyeti.

Nasema siku ileile kwa kuwa majopo mengi hujumlisha alama mara msailiwa wa mwisho anapotoka. Barua haibadilishi alama zilizokwisha kuandikwa. Inaweza kusaidia pale ambapo wawili wamekaribiana sana na uamuzi haujatolewa. Mimi nilipigiwa simu siku nne baadaye, na mfamasia alianza kwa kuuliza lile daftari lilikuwa na safu ngapi.

Kwenye ajira za serikali mambo ni tofauti. Matangazo mengi ya kazi za umma nchini Kenya huonya kwamba mwombaji atakayejaribu kuwashawishi wahusika ataondolewa, kwa hiyo usiwatafute wanajopo kwa namba zao binafsi, hata kama ni kwa kushukuru tu. Washukuru mdomoni kabla ya kutoka chumbani.