Dawa ile ile, wodini inafanya kazi nyumbani haifanyi: angalieni sigara

"Wakuu, bro wangu akilazwa anatulia kabisa na olanzapini 10 usiku, akirudi home wiki tatu tu sauti zinarudi. Dawa tunampa wenyewe na anameza tunamuona. Ni feki au mwili umeizoea?"

Mkuu, kabla hujalaumu duka la dawa, bro anavuta? Nauliza hivyo kwa sababu mimi ni nesi wodi ya akili mwaka wa 11 huu na hiyo stori nimeiona mara nyingi, wodini sigara marufuku, home pakti moja kwa siku.

Iko hivi. Ukimeza kidonge kinapita utumbo halafu kinaenda kwenye ini, na kule kuna vimeng'enya, wengine mnaita enzaimu, kazi yao kuinyofoa dawa kidogo kidogo mpaka iwe kitu kinachotoka na mkojo. Viko vya aina nyingi na kila kimoja kina dawa zake. Olanzapini na klozapini, dawa nyingine ya wagonjwa wa akili, kwa sehemu kubwa zinapita kwa kimoja kinaitwa CYP1A2, na huyo huyo ndiye anayevunja kafeini ya kahawa.

Sasa moshi wa sigara una ile lami ya kitu kilichoungua. Ini likiiona linajua sumu imeingia, linaanza kutengeneza CYP1A2 nyingi zaidi ili ziisafishe, ni kama umeajiri vibarua wa ziada shambani, shida ni kwamba vibarua hawa hawachagui, wanaivunja na dawa ya bro. Olanzapini kwenye damu ya mvutaji inaweza kushuka karibu theluthi moja, yaani ile 10 yake home inafanya kazi kama 6 au 7 hivi ya mtu asiyevuta. Na sio lazima avute sana, sigara 7 mpaka 12 kwa siku zinatosha kufikisha vibarua kwenye kilele.

Watu wengi wanadhani ni nikotini, hapana, ni moshi. Ugoro hauna hiyo shida, pachi ya nikotini pia haina, ila bangi inayovutwa inayo maana nayo inaungua.

Ubaya ni kwamba ini haliajiri wala halifukuzi kwa siku moja. Akianza kuvuta inachukua siku kadhaa, akiacha vibarua wanapungua taratibu mpaka kama wiki. Ndio maana hamuoni kitu siku ya kwanza akitoka, halafu wiki ya pili ya tatu mnashangaa.

Nikupe upande wa pili maana ndio unaotisha. Tulikuwa na fundi mmoja wa kupaua nyumba, klozapini miligramu 400 kwa siku, sigara 20, ametulia miaka. Akaanguka toka juu ya paa akavunjika paja, akalazwa wodi ya mifupa mguu umefungwa uzito, hawezi hata kufika mlangoni kuvuta. Dawa zake wakaendelea kumpa vile vile. Siku ya sita wakatuita, tunamkuta analala mchana kutwa, mate yamelowesha mto mzima, mikono inashtuka shtuka. Wao walidhani ni dawa ya maumivu. Kumbe vibarua wameondoka na klozapini inajaa kwenye damu!

Kabla hatujakubaliana dozi mpya, mwenzetu wa zamu nyingine akamuandikia sipro kwa sababu mkojo ulikuwa na maambukizi. Sipro yenyewe inafanya kinyume cha moshi, haipunguzi vibarua, inawafunga mikono wale waliobaki, na hiyo haisubiri wiki, ndani ya siku moja mbili tu. Usiku wa pili akapata degedege.

Sipro ikabadilishwa antibaiotiki nyingine, daktari akaruka dozi moja ya klozapini halafu akashusha mpaka 250. Siku tano baadae anaongea vizuri na analalamikia chakula cha hospitali. Alipotoka na magongo tukawaambia ndugu, akirudia sigara mje wiki hiyo hiyo, msisubiri sauti. Alirudia bana, na dozi ikapanda tena kidogo kidogo.

Kwa hiyo msiongeze vidonge wenyewe, maana siku akiacha kuvuta ghafla, hata akikamatwa tu na polisi akalala ndani wiki, mtakuwa mmemzidishia. Mwambieni daktari idadi ya sigara kabla hajaandika dozi ya kwenda nayo home. Anaweza kupandisha, au akampa risperidoni ambayo inapita kwa kimeng'enya kingine kisichojali moshi.

Anavuta ngapi kwa siku mkuu? Na bangi je, usifiche.